Maziwa Yanayochacha Bila Kuganda

Asubuhi mjini Isiolo, madumu ya maziwa ya ngamia huanza kuingia kutoka Kulamawe na vijiji vingine vya mbali. Akina mama wanaoyapokea hawana haraka ya kulipa. Hufungua kifuniko, hunusa, humimina kidogo kwenye kiganja au kikombe, huonja. Maziwa mazuri hupakiwa kwenye basi la Nairobi, safari ya takriban kilomita 270, ili yafike kwa wateja wa Eastleigh yakiwa bado yanafaa kwa chai. Yaliyoanza kubadilika ladha huwekwa kando, yawe suusac, maziwa machachu ambayo Wasomali na majirani zao wa kaskazini mwa Kenya wameyanywa kwa vizazi vingi.

Kwa mtu aliyezoea mtindi wa ng'ombe, kinachofuata kinashangaza. Maziwa ya ng'ombe yakiachwa usiku kucha kwenye joto la Isiolo, asubuhi hukutwa yameganda. Ya ngamia, katika chombo kama hicho na mahali hapo hapo, mara nyingi huwa bado yako kama yalivyokuwa, labda na ukali kidogo tu kwenye ulimi. Kesho yake ndipo yanachacha kweli. Na hata yakishachacha, hayashikani yakawa bonge la kukatwa kwa kijiko. Hubaki mepesi, meupe, yenye chembechembe laini zinazoelea.

Kwa mfugaji aliye safarini, ukawiaji huo ni neema, kwa kuwa maziwa yake hustahimili njia ndefu bila barafu. Kwa anayetaka kutengeneza suusac ya kuuza, yenye ladha ile ile Jumatatu na Alhamisi, ni taabu tupu. Saa zote ambazo maziwa hayajawa makali, vijidudu vingine vilivyomo vina nafasi ya kuzaliana. Ndiyo maana dumu moja hutoa kinywaji kizuri, na la pili lililokamuliwa siku hiyo hiyo hutoa kitu chenye harufu ya kuoza.

Kwa muda mrefu ukawiaji huu ulielezwa kwa sababu moja: maziwa ya ngamia yana kinga nyingi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya jambo. Maziwa hayo yana protini zinazopambana na vijidudu. Laktoferini hukamata madini ya chuma ambayo bakteria wengi huyahitaji ili wakue. Lisozimu hutoboa ukuta wa bakteria. Kuna pia kingamwili, ambazo huwa nyingi mno katika maziwa ya siku za kwanza baada ya ngamia kuzaa. Protini hizi hazichagui sana adui. Huwazuia vijidudu wa uchafu, na huwakawiza pia bakteria wema wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi.

Lakini kama kinga ingekuwa ndiyo sababu pekee, kuchemsha kungemaliza shida. Joto la nyuzi 85 kwa nusu saa huharibu sehemu kubwa ya protini hizo. Hata hivyo, maziwa ya ngamia yaliyochemshwa vizuri, yakapozwa na kutiwa bakteria wa mala, bado huchacha polepole kuliko ya ng'ombe. Lazima kuna kitu kingine.

Kitu hicho ni njaa. Bakteria wa mtindi hawali sukari peke yake. Sukari huwapa nguvu, na katika maziwa ya ngamia sukari ipo ya kutosha, karibu sawa na ya ng'ombe. Ili wazaliane wanahitaji pia vipande vidogo vya protini, na vipande vilivyo tayari ndani ya maziwa mabichi ni vichache. Inabidi wavikate wenyewe kutoka kwenye kazeini, ile protini kuu ya maziwa, kwa kutumia kimeng'enya kilichoshikamana na ukuta wa miili yao. Bakteria wanaouzwa madukani kwa ajili ya mala na mtindi wamechaguliwa kwa miaka mingi kwa jinsi wanavyofanya kazi ndani ya maziwa ya ng'ombe. Mkasi wao umenolewa kwa kazeini ya ng'ombe. Wakitupwa ndani ya maziwa ya ngamia, wanakuta kazeini ya umbo jingine na mpangilio mwingine, nao wanakata kwa shida.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Haramaya nchini Ethiopia na wenzao wa Kopenhagen walilipima jambo hili kwa njia rahisi kueleweka. Walichukua maziwa ya ngamia, wakatia bakteria wa kibiashara, kisha katika baadhi ya vyombo wakaongeza kazeini iliyokwisha kukatwakatwa. Ni sawa na kumtafunia mtoto chakula kabla ya kumlisha. Asidi ikatengenezwa kwa kasi zaidi. Kwa fundi wa suusac matokeo hayo yana uzito mkubwa, kwa sababu yanabadilisha swali. Badala ya kuhangaika namna ya kuiondoa kinga ya maziwa, anajiuliza namna ya kuwasaidia bakteria wake waanze kazi wakiwa wengi na wameshiba.

Na kwa nini hayagandi? Hapa pia mwandishi yeyote wa mambo ya maziwa angependa kutaja sababu moja tu, lakini ziko mbili zinazoshirikiana. Ya kwanza ni aina ya kazeini. Kazeini hukaa ndani ya maziwa kama vifundo vidogo sana, na kila kifundo hufunikwa kwa nje na aina iitwayo kapa-kazeini. Katika maziwa ya ng'ombe, kapa-kazeini ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kazeini yote. Katika ya ngamia ni kama asilimia 3 na nusu tu. Kifuniko kikiwa haba, vifundo huwa vikubwa, zaidi ya mara mbili ya vile vya ng'ombe kwa upana. Vifundo vikubwa vikishikana hutengeneza wavu wenye matundu mapana na nyuzi chache, wavu ambao hukatika ukitikiswa kidogo.

Sababu ya pili ni protini ambayo ngamia hana kabisa, beta-laktoglobulini. Anayetengeneza mtindi wa ng'ombe hupasha maziwa hadi nyuzi 85 au 90 kwa sababu mbili, kuua vijidudu na kuupa mtindi uzito. Katika joto hilo beta-laktoglobulini hufunguka na kujifunga kwenye vifundo vya kazeini, na hiyo ndiyo gundi ya mtindi mzito. Ngamia hana gundi hiyo. Kwa hiyo mtu akichemsha maziwa ya ngamia kwa saa mbili akitumaini yatakuwa mazito kesho, anachoma kuni bure.

Viwanda vimejaribu kuziba pengo hili. Katika Falme za Kiarabu, ambako maziwa ya ngamia huuzwa madukani kwenye chupa kama maziwa mengine, watafiti wameonyesha kwamba mtindi wa ngamia hushikana ukiongezewa aljineti, unga unaotokana na mwani, pamoja na chumvi ya kalisi. Ni njia halali. Lakini suusac haikukusudiwa kuwa mtindi wa kijiko. Ni kinywaji. Wepesi wake si kasoro, na tatizo liko kwa fundi anayeusubiri uzito kama dalili ya kuiva. Atasubiri siku ya pili, ya tatu, ya nne, na mwisho atapata maziwa makali ya kuumiza koo, yenye maji juu na takataka nyeupe chini.

Wafugaji wenyewe waligundua zamani namna ya kuwapa bakteria nguvu ya kuanzia, bila kuwaita bakteria. Nchini Sudan hutengenezwa gariss, maziwa machachu ya ngamia yanayowekwa ndani ya kiriba cha ngozi na kutundikwa kwenye mgongo wa ngamia anayetembea. Kiriba hicho hakimalizwi. Wanakunywa sehemu, wanaongeza maziwa mabichi, mwendo wa ngamia unayatikisa, na maziwa mapya yanakuta ndani mchachuko mwingi uliokwisha komaa. Huo ndio usaidizi wenyewe: maziwa mapya hayasubiri bakteria wazaliane kutoka wachache, maana wamo tele tangu mwanzo.

Suusac ya Kisomali hufuata njia nyingine. Maziwa mabichi hutiwa kwenye chombo kilichofukizwa moshi, hufunikwa, huachwa siku moja au mbili yachache yenyewe. Moshi wa vijinga vya mzaituni mwitu au miti mingine huua vijidudu vingi vilivyojificha kwenye kuta za chombo, na huacha ladha ambayo mteja wa Kisomali akiikosa husema hii si suusac. Lakini bakteria wanaochachua hutoka popote: kwenye chuchu za ngamia, mikono ya mkamuaji, chombo chenyewe. Wanasayansi waliochunguza suusac za Kenya na Somalia walikuta kwamba mara nyingi wanaotawala si bakteria wa mala bali aina fulani ya streptokoki iliyojizoeza maisha ya ndani ya maziwa, na ambayo ina undugu wa karibu na streptokoki wanaosababisha maradhi kwa binadamu. Maziwa yamechacha kweli, ladha ni nzuri, lakini aliyeyachachua hajulikani vizuri.

Kuna hatari nyingine iliyo wazi zaidi. Ugonjwa wa bruselosi upo katika mifugo ya kaskazini mwa Kenya, wakiwemo ngamia, na hupita kwa binadamu kupitia maziwa mabichi. Ukali wa maziwa si kinga ya kutegemewa dhidi ya vijidudu vyake. Moto ndio kinga. Kwa hiyo suusac ya kuaminika, kwa ladha na kwa afya, huanza na kuchemsha, na ukishachemsha umewaua wote, wabaya na wema. Ni lazima basi kutia mbegu.

Tuchukue lita 10, kiasi ambacho mama mmoja anaweza kukishughulikia kwa sufuria mbili na ndoo moja yenye kifuniko. Maziwa yawe ya ngamia wazima. Yasiwe ya ngamia aliyezaa wiki hiyo, maana yana kingamwili nyingi, wala ya aliyedungwa dawa siku za karibuni. Sufuria ya maziwa huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, ili maziwa yasiungue chini, na hukorogwa hadi yafike nyuzi 85, kisha hushikiliwa hapo kwa dakika 30. Kipimajoto cha maziwa ni kitu kidogo, na kinafaa kununuliwa. Asiyenacho anaweza kuyafikisha maziwa kwenye mchemko, apunguze moto, na kuyaacha yakitokota polepole kwa muda huo.

Kisha yapozwe haraka, sufuria ikiwa imefunikwa na kukalishwa ndani ya maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara. Hapa ndipo watu wengi hukosea bila kujua. Mbegu ikitiwa maziwa yakiwa na nyuzi 50, bakteria wa mala hufa au hudhoofika papo hapo. Wanachopenda wao ni nyuzi 27 hadi 30. Bila kipimajoto, mtu aweke tone la maziwa kwenye upande wa ndani wa mkono, kama anavyopima maziwa ya mtoto. Tone lisipohisiwa kuwa la moto wala la baridi, wakati umefika.

Mbegu inayofaa ni ya mala, si ya mtindi wa kijiko, kwa sababu bakteria wa mtindi hutaka joto la zaidi ya nyuzi 40, ambalo ni gumu kulidumisha nyumbani. Hutoka kwenye pakiti ya unga inayouzwa na wauza vifaa vya maziwa, au kwenye mala safi isiyotiwa sukari wala ladha. Unga usitiwe moja kwa moja kwenye ndoo. Kwanza atengenezwe mama: nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hutiwa unga kidogo, huachwa hadi yachache vizuri, ndipo hutumika. Katika maziwa ya ng'ombe mama huyo huwa tayari kesho yake. Kipimo cha kawaida cha kutia ni asilimia 2 hadi 3. Kwa ngamia ni busara kwenda juu, yaani mililita 300 kwa lita 10, na kukoroga kwa kijiko kilichochemshwa hadi ichanganyike kabisa.

Mama aliyetengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe ana faida ambayo sasa inaeleweka. Haleti bakteria peke yao. Huja pia na vipande vya kazeini walivyokwisha kuvikata, akiba ya kuanzia safari katika maziwa wasiyoyazoea.

Tuseme ndoo imefungwa saa moja jioni. Isiolo hupoa usiku, na ndoo ya lita 10 iliyoachwa wazi sakafuni hupoa pamoja nayo. Ifungwe blanketi, au iwekwe ndani ya kasha la kuhifadhi baridi, ambalo huhifadhi joto vilevile. Kando yake iwekwe kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kilichotiwa mbegu ile ile kwa kipimo kile kile. Kikombe hicho ni cha ushahidi, na kitafaa sana baadaye.

Saa moja asubuhi, baada ya saa 12, kikombe cha ng'ombe kitakuwa kimeganda au kinakaribia. Ndoo ya ngamia bado ni maji, na ukionja unapata ukali mdogo. Asitie mbegu zaidi, asiipeleke juani, asikoroge. Saa moja jioni, zikitimia saa 24, ukali unakuwa safi na umejaa mdomoni, na ukiinamisha kijiko unaona chembe nyeupe nyembamba zikiteleza juu ya chuma. Karatasi ya kupimia asidi ikionyesha pH ya 4.6 au chini kidogo, suusac imeiva. Maziwa yalianza na pH ya karibu 6.6. Sasa yakorogwe yawe laini, yatiwe kwenye friji, na anayetaka ladha ya moshi ayamimine kwenye kibuyu kilichofukizwa baada ya kuiva, si kabla. Moshi unaozuia vijidudu vibaya huzuia na vizuri pia.

Mambo yasipokwenda hivyo, kikombe cha ushahidi ndicho kinachosema. Kikombe na ndoo vyote vikibaki vitamu, kosa liko kwenye mbegu au joto: mbegu ilikuwa imekufa, ilitiwa maziwa yakiwa moto, au usiku ulikuwa wa baridi mno. Kikombe kikiganda na ndoo ikawa na ukali mdogo tu baada ya saa 24, hakuna kosa. Ni ngamia, aongezewe saa sita au nane. Kikombe kikiganda na ndoo ikabaki tamu kabisa, bila dalili yoyote ya ukali, maziwa yenyewe yatiliwe shaka. Mara nyingi kuna ngamia aliyetibiwa kwa antibiotiki na maziwa yake yakachanganywa na ya wengine, au ni ya ngamia aliyezaa juzi. Kuchemsha hakuondoi masalia ya dawa, na maziwa hayo hayafai kuuzwa kwa njia yoyote.

Ndoo ikivimba kifuniko, ikitoa mapovu mengi au harufu ya kinyesi, uchafu umeingia baada ya kuchemsha, kwa kawaida kupitia ndoo yenyewe au kijiko. Katika suusac ya asili, hamira huwemo na mapovu machache si ajabu. Katika maziwa yaliyochemshwa na kutiwa mbegu safi, mapovu ni onyo. Uchungu na utelezi wa nyuzi pia ni wa kumwagwa. Ndoo za plastiki zenye mikwaruzo ndani ndizo wakosaji wakubwa, kwa sababu sabuni haifiki ndani ya mkwaruzo. Chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi, lakini husafishika.

Kuendelea kuchota mbegu kutoka kwenye ndoo ya jana kunawezekana, lakini si milele. Kila mzunguko huingiza wageni wachache, na kwa kuwa bakteria wa mala hujikongoja ndani ya maziwa ya ngamia, wageni huwapita mapema kuliko wanavyoweza katika ya ng'ombe. Fundi makini hurudi kwenye pakiti mpya baada ya mizunguko michache, na mara moja akikuta ladha imegeuka.

Limebaki jambo moja, nalo ni la uaminifu. Wapo wateja wanaonunua maziwa ya ngamia kwa sababu mtoto wao ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, na beta-laktoglobulini isiyokuwemo kwa ngamia ni mojawapo ya protini zinazoamsha mzio huo. Mililita 300 za mbegu ya ng'ombe ndani ya lita 10 zinatosha kumdhuru mtoto wa namna hiyo. Anayewauzia watu hao amtengeneze mama kwa maziwa ya ngamia tangu mwanzo, ampe siku nzima au zaidi akomae, na atie asilimia 5 badala ya 3. Anayetumia mbegu ya ng'ombe aandike hivyo kwenye chupa, kwa herufi zinazosomeka.